Kiapo cha aliyezitoa meseji kwenye simu: kiandike nini na kiache nini

*"Habari za kazi kaka. Shangazi yangu wa Mbagala anauza vitenge. Alimpa mteja wa Morogoro mali kauli, sasa wako mahakamani kwa deni la 6,400,000. Makubaliano yote yako WhatsApp, na mimi ndiye niliyezitoa meseji kwenye simu yake: nilizituma kwenye barua pepe yangu, nikazifungua kwenye Word, nikaondoa maongezi yasiyohusu deni, nikachapa. Mteja anasema zimepikwa. Wakili kaniambia niandike kiapo cha jinsi nilivyozihifadhi. Niandike nini?"*

Mdogo wangu, usiandike chochote kwanza. Hizo karatasi ulizochapa zitie kwenye bahasha na uziweke pembeni. Usizichane, ila usiziapie kama ndiyo nakala ya meseji za shangazi. Ulipoanza tu kuondoa "yasiyohusu" ukawa mhariri, na swali la kwanza utakaloulizwa na wakili wa upande wa pili ni hili: ulifuta mistari mingapi, na nani aliamua kwamba haihusu? Hata kama zilikuwa salamu na habari za harusi, huna namna ya kuonyesha hivyo, na yule anayesema zimepikwa atakuwa amepata mpishi.

Bahati nzuri simu ipo na meseji bado zimo ndani yake. Kwa hiyo kazi inarudiwa kwa utaratibu, kisha kiapo kinaeleza kazi hiyo ya pili na kutaja ile ya kwanza kwa ukweli. Mwambie shangazi leo hii asiifute WhatsApp na kuiweka upya, asihamie simu nyingine, na asifute hata neno moja kwenye mazungumzo hayo. Aangalie pia kama meseji za kujifuta zimewashwa, sehemu inayoitwa `Disappearing messages`. Kama zimewashwa, azizime.

Sasa tuelewane mahakama inatafuta nini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini katika kuupima uzito, mahakama inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, namna ulivyolindwa usibadilike, na namna mtumaji alivyotambuliwa. Kiapo chako kinajibu mambo mawili ya kwanza: kuhifadhiwa na kutobadilika. La nani aliandika nini si lako, ni la shangazi. Yeye ndiye aliyezungumza na huyo mteja, anaijua namba yake na anayajua makubaliano. Ukiandika "mdaiwa alikubali kulipa mwezi wa nane" umeshatoka kwenye eneo lako, maana hukuwepo. Ulichokiona wewe ni mstari kwenye kioo cha simu, na hicho ndicho unachoweza kukiapia.

Kanuni za viapo zinasisitiza jambo hilohilo. Amri ya XIX ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka kiapo kibaki kwenye mambo ambayo muapaji anaweza kuyathibitisha kwa ufahamu wake mwenyewe. Na tangu shauri la Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, la Matovu, mwaka 1966, mawakili wa Afrika Mashariki wanajua kwamba hoja za kisheria, maombi na mahitimisho hayakai kwenye kiapo. Usiandike "hivyo meseji hizi ni halali na zipokelewe". Hiyo ni kazi ya wakili, na maneno hayo yanaweza kukufutia aya nzima.

Haya, kurudia kazi. Nendeni mkae mezani, wewe na shangazi, mchana, mkiwa na simu, kompyuta na karatasi ya kuandikia. Aifungue simu yeye mwenyewe mbele yako. Hilo si adabu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa kuwa kosa, na nimeona watu wanaochukua simu ya mke au mume usiku wanakuja na ushahidi uliowageuka wenyewe. Kwenu ruhusa ipo, kwa hiyo iandikwe.

Kabla hujagusa WhatsApp, andika saa ya simu na saa ya kifaa kingine unachokiamini, halafu ingia kwenye mipangilio ya tarehe uone kama saa inajipanga yenyewe na kama eneo ni la Afrika Mashariki. Sababu yake ni kwamba saa zinazoonekana kwenye meseji hufuata eneo la saa la simu. Simu iliyowekwa kwa saa za London itaonyesha mazungumzo yote yamerudi nyuma masaa mawili au matatu, na hakuna aliyepika kitu. Piga `*#06#` upate namba ya IMEI, andika aina ya simu, na kwenye mipangilio ya WhatsApp andika toleo la programu. Fungua pia `Linked devices` uone kama kuna kompyuta iliyounganishwa na akaunti. Ikiwa tupu, andika kwamba siku hiyo ilikuwa tupu. Usiandike kwamba haikuwahi kuunganishwa, hujui.

Kisha fungua mazungumzo, gusa jina juu ili ukurasa wa taarifa za mteja ufunguke, na upige skrinishoti inayoonyesha jina na namba kwa pamoja. Watu wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayobeba kesi. Faili linalotolewa na WhatsApp haliandiki namba ya mtu aliyehifadhiwa kwenye simu. Linaandika jina alilopewa. Kwenye simu ya shangazi, kwa mfano, huyo mteja ni "Mama Zai Moro". Upishi wa meseji ninaoujua mimi hufanyika hivyohivyo: mtu anaihifadhi namba ya rafiki yake kwa jina la adui, wanaandikiana wanavyotaka, halafu anatoa nakala. Jina pekee halithibitishi chochote. Wapo wanaoshauri ulifute jina kwenye kitabu cha namba ili namba itokee kwenye faili. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu unakuwa umebadilisha kitu kwenye simu siku ileile unayoapa kwamba hukubadilisha kitu. Skrinishoti ya ukurasa huo inatosha, na shangazi ataapa kwamba namba hiyo ndiyo aliyozoea kumpigia.

Baada ya hapo toa nakala. Kwenye Android ni nukta tatu juu, `More`, `Export chat`, kisha `Include media`, kwa sababu kuna meseji za sauti na picha za risiti. Itume kwenye Gmail ya shangazi mwenyewe, au Google Drive kama faili linazidi megabaiti 25, ambazo ndizo kikomo cha kiambatisho cha Gmail. Ipakue kwenye kompyuta na usiifungue bado. WhatsApp ina vikomo vyake: nakala yenye picha na sauti hubeba meseji 10,000 za karibuni, isiyo nazo 40,000, na za zamani zaidi zinaachwa bila kukuonya. Kwa mazungumzo ya mteja mmoja hamtafika huko, lakini hakikisha baadaye, ukishapima hashi na kufungua nakala ya kuchapa: mstari wa kwanza wa faili kwa kawaida ni lile tangazo la WhatsApp kwamba mazungumzo yamefichwa wasisomwe na wengine. Ukilikuta, umepata mwanzo. Ukikuta faili linaanzia katikati ya maneno, kuna kilichokatwa.

Sasa hashi. Huu ni mkokotoo unaosoma faili lote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, mfuatano unatoka mwingine kabisa. Ni kama alama ya kidole cha faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda na uandike:

```
certutil -hashfile "WhatsApp Chat with Mama Zai Moro.zip" SHA256
```

Nakili majibu yote 64 kwenye kiapo kwa kunakili na kubandika. Usiyaandike upya kwa mkono, utakosea. Yakianza na `e3b0c442` simama hapohapo: hiyo ni hashi ya faili tupu, maana yake upakuaji ulikatika na umehifadhi jina bila kitu ndani. Hashi ina mpaka wake pia, na ni vizuri ukauelewa kabla hujaulizwa. Inathibitisha kwamba faili halijaguswa tangu ulipoipima. Haisemi chochote juu ya kilichotokea kabla. Ndiyo maana inapimwa saa ileile, mezani palepale, na ndiyo maana simu yenyewe inabaki kuwa kielelezo kikuu. Simu inawekwa mahali salama, na siku ya kesi inakwenda mahakamani ikiwa na chaji.

Weka faili la zipu kwenye fleshi mbili mpya, moja ya mahakama na moja ya wakili, na upime hashi tena kwenye kila fleshi. Kwa uchapaji, tengeneza nakala nyingine ya zipu, toa faili la maandishi la `.txt` lililo ndani yake na ulifungue hilo kwa Notepad, uchape, ufunge bila kuhifadhi. Ukihifadhi, programu inaweza kubadilisha namna mistari inavyoishia bila wewe kuona tofauti yoyote, na hashi ikabadilika. Chapa yote, pamoja na salamu na harusi. Mistari inayohusu deni ipigie alama ya kalamu pembeni. Kama kuna jambo la aibu au la ugonjwa wa mtu, wakili ndiye atakayeamua kama lifunikwe kwa wino mweusi kwenye karatasi, na kifuniko kionekane, huku fleshi ikibaki nzima.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye tarehe, maana nadhani itakugusa. Simu nyingi Dar zinatoka dukani zikiwa na Kiingereza cha Marekani, na faili linaandika mwezi kwanza. Tuseme umekuta mstari huu:

```
7/8/24, 8:15 PM - Mama Zai Moro: Nimetuma milioni. Jana Sabasaba sijauza kitu, iliyobaki mwezi wa nane
```

Ukiusoma kwa mazoea yetu ni tarehe 7 Agosti 2024. Kwa mpangilio wa Marekani ni tarehe 8 Julai 2024. Tofauti ni mwezi mzima, na ahadi ya "mwezi wa nane" inabadilika maana: aliyeahidi Julai anaomba muda, aliyeahidi tarehe 7 Agosti anasema atalipa ndani ya mwezi huohuo. Unajuaje? Tafuta kwenye faili mstari wenye namba inayozidi 12. Ukikuta `7/22/24`, hakuna mwezi wa 22, kwa hiyo namba ya kwanza ni mwezi. Kisha meseji yenyewe inasema jana ilikuwa Sabasaba, ambayo ni tarehe 7 Julai. Na ile milioni iliingia kwa simu, kwa hiyo kuna meseji ya malipo kwenye sanduku la kawaida la SMS la shangazi yenye tarehe yake, jina la aliyetuma na namba. Mambo matatu yanakubaliana, na hakuna hata moja linalotegemea neno lako. Kwenye kiapo unataja la kwanza tu, kwamba faili linaandika mwezi kabla ya siku na umelijuaje. Hayo mengine mawili ni ya shangazi na taarifa ya malipo kutoka kampuni ya simu.

Meseji hiyo ya malipo ina faida nyingine kubwa kuliko tarehe. Namba iliyotuma fedha ikiwa ndiyo inayoonekana kwenye ukurasa wa WhatsApp, na jina lililotokea kwenye malipo ni la mdaiwa, hoja ya "zimepikwa" inapata shida sana. Mwambie wakili aombe taarifa hiyo mapema.

Na saa: andika saa za Kiswahili pamoja na za kwenye kioo. `8:15 PM` ni saa 2:15 usiku. Nimeona kiapo kilichosema "saa 8:15 usiku" kwa ujumbe huohuo, ikawa kama mama anadai fedha usiku wa manane, na muda mwingi ukapotea kueleza kosa la tafsiri ya saa.

Mistari ya kufutwa usiiogope. Mteja akiwa amefuta ujumbe wake kwa wote, faili litaonyesha `This message was deleted`. Shangazi akiwa amefuta wake, litaonyesha `You deleted this message`. Ujumbe uliorekebishwa unabeba `<This message was edited>`. Hesabu mistari hiyo na uitaje, upende usipende. Kuna aina moja isiyoacha alama yoyote: ujumbe ambao mwenye simu ameufuta upande wake peke yake. Huwezi kuapa kwamba haupo. Ukiulizwa, jibu ni kwamba faili haliwezi kuonyesha hilo. Lakini mazungumzo yana ncha mbili. Mteja naye anayo simu, na kama kuna maneno yaliyopunguzwa yeye anayo kamili. Wakili wenu anaweza kumtaka ayalete.

Kiapo chenyewe kinaweza kwenda hivi. Kichwa cha mahakama, namba ya shauri na majina ya wadaawa wakili atakupa, na kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya mahakama tangu marekebisho ya 2021, andika kwa Kiswahili unachokielewa mwenyewe. Kiapo cha Kiingereza kizuri ulichoandikiwa na mwingine kinakusaliti ukianza kuhojiwa.

> 1. Kwamba mimi ni mtu mzima, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Mdai ni shangazi yangu, dada wa baba yangu. Ninaapa juu ya mambo niliyoyafanya na kuyaona mwenyewe.
>
> 2. Kwamba tarehe …, saa 4:10 asubuhi, nyumbani kwa mdai, mdai aliifungua simu yake aina ya …, IMEI namba …, mbele yangu, akanikabidhi na kuniruhusu kutoa nakala ya mazungumzo yake ya WhatsApp na mtu aliyehifadhiwa kwa jina "Mama Zai Moro".
>
> 3. Kwamba kabla ya kuanza niliona saa ya simu inasoma 10:10 na inajipanga yenyewe kwa saa za Afrika Mashariki, na haikutofautiana na saa ya kompyuta yangu. Simu ilikuwa ikifanya kazi kama kawaida. Niliweza kufungua mazungumzo, picha na meseji za sauti bila hitilafu.
>
> 4. Kwamba nilifungua ukurasa wa taarifa za jina hilo na kuona namba inayoishia na …, kisha nikapiga skrinishoti, ambayo ni Kiambatisho A.
>
> 5. Kwamba nilitumia sehemu ya WhatsApp iitwayo "Export chat" pamoja na picha na sauti. Sikuandika, sikufuta wala kubadilisha ujumbe wowote. Faili lilitumwa kwenye barua pepe ya mdai, nami nikalipakua kwenye kompyuta yangu saa 4:25 asubuhi.
>
> 6. Kwamba kabla ya kulifungua nilipima hashi ya faili hilo kwa njia ya SHA-256 na kupata: ….
>
> 7. Kwamba nilinakili faili hilo kwenye fleshi mbili, nikapima tena kila moja na kupata hashi ileile. Fleshi moja ni Kiambatisho B.
>
> 8. Kwamba nilichapa maandishi yote ya faili hilo, kurasa …, bila kuondoa kitu. Ni Kiambatisho C. Jina linaloonekana upande wa mdai, "…", ni jina aliloliweka mwenyewe kwenye akaunti yake.
>
> 9. Kwamba tarehe kwenye faili zinaanza na mwezi, kisha siku. Nimelijua hilo kwa kuwa ukurasa wa … una tarehe 7/22/24.
>
> 10. Kwamba faili lina mistari … inayoonyesha ujumbe uliofutwa na … inayoonyesha ujumbe uliorekebishwa. Ilikuwa hivyo nilipolipokea.
>
> 11. Kwamba kabla ya hapo, mwezi …, nilitoa nakala nyingine ya mazungumzo hayo, nikaifungua kwa programu ya Word na kuondoa sehemu nilizoona hazihusu deni. Nakala hiyo haitegemewi katika kiapo hiki. Barua pepe ya awali bado ninayo.

Aya ya 3, sehemu ya mwisho, usiione kama maneno ya kujaza. Kifungu cha 18 kinaruhusu mahakama kukubali kwamba kumbukumbu ni ya kweli kama kuna ushahidi kuwa kifaa kilikuwa kikifanya kazi vizuri wakati wote unaohusika, au kwamba hitilafu yake haikuigusa kumbukumbu yenyewe. Wewe unaweza kuisemea siku uliyoishika tu. Kwa siku za mazungumzo, shangazi aandike kwenye maelezo yake kwamba simu ilikuwa mkononi mwake na haikumsumbua. Kama iliwahi kwenda kwa fundi Kariakoo kubadilishwa kioo, aseme, na aseme fundi alikaa nayo muda gani.

Aya ya 11 najua utatamani kuiacha. Usiiache. Kama zile karatasi za kwanza zimeshaambatanishwa kwenye hati ya madai, upande wa pili wanazo, watalinganisha na hizi za pili na kukuta mistari imeongezeka. Ukiwa umeshaeleza wewe, ni maelezo. Wakigundua wao, ni kitu kingine. Na usishangae nakala ya kwanza na ya pili zikiwa na hashi tofauti hata kabla ya Word. Meseji moja mpya ikiingia katikati, au shangazi akibadilisha jina la mteja kwenye simu, faili linatoka jingine. Hilo nalo uwe tayari kulieleza kwa sentensi moja.

Meseji za sauti zinakuja ndani ya zipu zikiwa na majina kama `PTT-20240708-WA0003.opus`. Zinazohusu deni mtu anayeifahamu sauti azisikilize na kuandika yaliyosemwa neno kwa neno, pamoja na "eeh" na kunyamaza, kisha aapie maandishi hayo mwenyewe. Sauti ya mteja unaijua? Kama huijui, hiyo ni kazi ya shangazi tena.

Skrinishoti za meseji nzitonzito piga pia, tatu au nne, zikionyesha tarehe na mstari wa juu na wa chini wa kila ujumbe ili ziungane. Kwa ujumbe wa shangazi wa kudai, ubonyeze kwa muda na ufungue `Info`, utaona ulifika lini na ulisomwa lini, kitu ambacho faili lililotolewa halionyeshi. Mteja akiwa amezima taarifa za kusoma, utaona tu kwamba ulifika. Ukizituma skrinishoti hizo kwa wakili, zitume kama faili na siyo kama picha za kawaida za WhatsApp, zisije zikabanwa na kupoteza ubora.

Baada ya aya za kiapo kinafuata kipande cha uthibitisho, unaposema aya zipi ni za kweli kwa ufahamu wako. Kwako zote 1 hadi 11. Kama kuna aya uliyoambiwa na shangazi, ama uitoe ama uitaje kuwa ni taarifa kutoka kwake, lakini bora uitoe. Usisaini nyumbani ukatuma karatasi kwa bodaboda. Unasaini mbele ya Kamishna wa Viapo, akuone, na sehemu yake iwe na jina lake, mahali na tarehe ya kuapa. Muhuri usio na mahali wala tarehe umezalisha mapingamizi mengi, na ni kosa la sekunde tano. Kila kiambatisho nacho kigongwe na kusainiwa, fleshi ikiwa ndani ya bahasha iliyoandikwa nje hashi yake.

Rasimu mpelekee wakili kabla ya kwenda kwa Kamishna, maana ndiye atakayesema kama iwe kiapo au maelezo ya shahidi, na kama jina lako liwe kwenye orodha ya mashahidi. Likiwemo, utaitwa na kudodoswa juu ya aya hizihizi. Ile karatasi uliyoandikia saa na namba mezani kwa shangazi usiitupe baada ya kuchapa kiapo. Iweke kwenye jalada ileile, na michirizi yake.